Shuti la Finesi na Kubonyeza Mara Mbili: Silaha au Mtego?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nimeshika pedi ya PlayStation, tunachambua EA SPORTS FC, lile gemu lililoitwa FIFA hadi toleo la 23. Magrafiki na usajili tuachane navyo. Nataka tuzungumze kitu kimoja tu: ukishafika pembeni ya kumi na nane unafanya nini? Maana wengi wenu mnafika vizuri, halafu mnapaisha.

Tumchukue Mohamed Salah. Ni winga wa kulia anayetumia kushoto, kwa hiyo ametengenezwa kwa jambo hili hasa. Tuseme unashambulia kuelekea kulia mwa skrini, na Salah yuko upande wa chini, karibu na kona ya kumi na nane. Beki amesimama mbele yake. Sukuma kijiti cha kulia kwenda juu, ukishikilie kidogo. Salah atauviringisha mpira kwa wayo kuingia ndani, upande wa mguu wake wa kushoto. Kumbuka, kijiti kinafuata uso wa mchezaji unakoelekea. Akigeuka, na mwelekeo wa chenga unageuka. Hapo ndipo watu wanapolalamika kwamba skili zimekataa.

Chenga hiyo moja inatosha. Jirani yangu hapa akipata mchezaji wa nyota tano anataka kupiga elastiko kila dakika, na kila dakika ananyang'anywa mpira. Shida ni kwamba chenga ikishaanza, mchezaji lazima amalize mwendo wake, na beki aliyetulia anakusubiri mwisho wake.

Sasa mpira uko kushoto na kuna upenyo. Elekeza kijiti cha kushoto kona ya mbali ya goli, shikilia R1, kisha bonyeza kitufe cha mviringo. Wenye Xbox ni RB na B. Hiyo ndiyo finesi. Mpira unatoka kama unakwenda nje ya nguzo, halafu unajikunja kurudi ndani. Kipimo cha nguvu usikijaze. Mimi naachia kikikaribia nusu. Ila fahamu kwamba mchezaji anachukua muda mrefu kidogo kuvuta mguu kuliko kwenye shuti la kawaida. Beki akiwa hatua moja kutoka kwako, atalizuia. Ukiona finesi zako zinagonga miguu ya watu, tatizo siyo kulenga, ni kwamba umechelewa kupata nafasi.

Sasa tuje kwenye utamu na uchungu wenyewe: Timed Finishing. Iliingia kwenye FIFA 19, na unaiwasha au kuizima kwenye mipangilio ya pedi. Ukishabonyeza shuti, unabonyeza kitufe kilekile mara ya pili, wakati ule mguu unapougusa mpira. Ukipatia, alama juu ya mchezaji inakuwa kijani na shuti linanoga. Ukikosea vibaya inakuwa nyekundu, na mpira unakwenda kwa washangiliaji. Usipobonyeza mara ya pili, unapata shuti la kawaida tu, bila adhabu. Kijani nayo siyo hati ya goli. Kipa bado anaweza kuutoa.

Kosa ninaloliona sana ni kubonyeza mara mbili harakaharaka, tap tap, kama unamwita mhudumu. Macho yako kwenye kipimo cha nguvu, wakati yanatakiwa yawe kwenye mguu.

Halafu kuna mtandao. Gemu linachora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inakaa kama milisekunde 17 tu. Ukicheza mtandaoni, amri yako inakwenda kwenye seva na kurudi, na kuchelewa kwa picha chache kunakutoa kwenye kijani. Ndiyo maana unafunga kwenye uwanja wa mazoezi, ukiingia mechini unaona nyekundu tupu. Kabla ya kulaumu laini yako, angalia televisheni: nyingi zina Game Mode, iwashe, maana televisheni yenyewe pia inachelewesha.

Jipime hivi. Cheza mechi tano mtandaoni huku ukihesabu rangi. Nyekundu zikizidi kijani, zima kabisa, upige finesi ya kawaida. Mimi nyumbani huwa nimeiwasha. Nikienda kucheza kwenye kibanda cha gemu ambako pedi zimechoka na kitufe kinashikilia, naizima kabla sijachagua timu.

Haya, ngoja niwaonyeshe la Salah taratibu. Angalieni mguu, msiangalie kipimo.