Rangi ya chungwa ya nembo: uikoleze au ubadili maandishi?

Tuseme rangi ya nembo ni `#F57C00`. Maandishi meupe juu yake yana utofauti wa 2.7:1 tu, ilhali mwongozo wa WCAG unadai 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida.

Njia ya kwanza ni kuikoleza hadi `#B85C00`. Nyeupe sasa inafika 4.6:1, na viungo vya rangi hiyo vinasomeka kwenye ukurasa mweupe. Lakini inaelekea kahawia, na kwenye kijivu `#F5F5F5` kiungo hicho hushuka hadi 4.2:1, kikafeli.

Njia ya pili ni kuiacha ilivyo na kuandika kwa nyeusi: 7.8:1. Kwa vitufe, hii ni bora kabisa. Kwa viungo haisaidii, kwani hapo chungwa lenyewe ndilo maandishi; kwa hivyo tumia rangi iliyokolezwa, kwenye ukurasa mweupe.