Faida halisi au fedha huru: ipi ya kuaminiwa?

Faida halisi huhesabu mauzo hata kabla mteja hajalipa, na gharama ikiandikwa kama mali, makali yake hugawanywa kwa miaka mingi. Fedha huru ni pesa iliyopatikana kwenye shughuli, ukitoa iliyonunulia mali za kudumu.

Juni 2002, WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilikiri kuwa zaidi ya dola bilioni 3.8 za gharama, hasa ada za kutumia laini za kampuni nyingine, ziliandikwa kama uwekezaji. Faida ikapanda, hata fedha za shughuli zikaonekana nono. Fedha huru hazikudanganyika: pesa ilishatoka, uiite gharama au mitambo. Ndiyo maana wachambuzi wengi huziamini zaidi.

Ila nazo hupambwa, kwa kuchelewesha malipo ya wasambazaji. Mimi hulinganisha jumla ya faida na ya fedha huru kwa miaka mitano. Pengo likipanuka, naanza kukagua wadaiwa.