Spesa za Prado: Pima Tundu la Kati Kabla ya Kutoa Pesa

Malalamiko ya wasomaji wenye Prado 150 yanafanana: spesa, yaani mabamba yanayokaa nyuma ya rimu kuisogeza nje, zimefungwa, usukani unatetema ukifika kilomita 90 kwa saa, balansi imerudiwa na mtetemo haujaisha. Kosa haliko kwenye balansi. Muuzaji aliandika "6x139.7, Toyota zote", yaani studi sita kwenye duara la milimita 139.7, akanyamaza kuhusu tundu la kati.

Hab ya Prado, kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake, inahitaji tundu la milimita 106. Spesa iwe na tundu hilo upande wa hab, na mdomo, yaani pete iliyochomoza, wa kipenyo hicho hicho upande wa rimu. Nati bapa za rimu za aloi za Toyota hazina koni ya kuivuta rimu katikati. Kazi hiyo ni ya mdomo. Spesa ya tundu la 110 isiyo na mdomo inaiacha rimu ikae kando kidogo, na hapo mtetemo hauepukiki. Nenda dukani na venia upime tundu mwenyewe.

Chaguo langu la kwanza ni H&R ya Ujerumani, ya milimita 30, yenye studi zake. Studi za gari zinaifunga spesa kwenye hab, na rimu inafungwa kwenye studi za spesa. Eibach inafuata kwa karibu. Bamba la milimita 5 la kupachika tu linafaa kuondoa rimu kwenye kalipa ya breki, mradi mdomo wa hab bado uishike rimu na nati ya M12x1.5 izunguke mara 8 au zaidi. Zikipungua, badilisha studi ziwe ndefu. Zile za bei ya chini zisizotaja aina ya chuma, ziache.

Spesa za 30 zinaongeza upana kati ya tairi za ekseli hiyo kwa milimita 60, na rimu ya ofseti 25, yaani uso wake wa kufungia uko milimita 25 nje ya katikati ya upana wake, inakuwa kama ya -5. Tairi moja ikibeba kilo 600, beringi inaongezewa mkunjo wa karibu Nm 180, na usukani unavutwa zaidi kwenye mashimo. Studi nazo zinabana tu, msuguano wa nyuso ndio unaobeba gari. Nati ikilegea, au kutu ikiachwa kwenye hab, nyuso zinateleza, studi inapinda huku na huku hadi inakatika.

Nazikubali pale rimu yenye ofseti kubwa inapogusa kalipa au wishibon, mkono wa saspensheni, na spesa inairudisha karibu na nafasi ya kiwandani. Kwa gari la mizigo mizito au la kuvuta trela, hapana. Kupanga mbili pamoja, hapana kabisa. Na wauzaji wanaoshauri kukata studi za gari zinazochomoza kwenye spesa ya milimita 20 wanauza hatari: nunua nene zaidi, isipokuwa rimu yako ina mifuko ya kuzimeza.

Safisha hab kwa brashi ya waya, kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwa mpangilio wa nyota. Baada ya kilomita 80 toa tairi, kaza tena nati za ndani, kisha za nje. Fundi anayekaza za nje peke yake amefanya nusu ya kazi.