Nimeipa apu ya AI skrinshoti ya imeli 17, tuone imetoa nini

Haya jamani karibuni, leo narekodia ofisini hapa Changamwe kwa hivyo mkiskia honi ni malori hayo, msijali. Wengi mmeniuliza kuhusu hizi apu za AI zinazosoma picha, kwamba unapiga skrinshoti ya imeli ndefu unaitupa mle, alafu inakupa muhtasari, mambo ambayo bado hayajaamuliwa, na jibu tayari la kutuma. Nimejaribu mbili za bure wiki nzima na sitaji majina maana tabia zao ni zile zile. Ntawaonyesha kwa kesi moja tu, ya juzi.

Mnajua mimi kazi yangu ni kliaringi, kuwatolea watu mizigo yao bandarini. Juzi asubuhi hata mahamri sijamaliza bosi ananirushia WhatsApp skrinshoti moja ndefuuu kama mkeka, kontena la vigae, imeli 17, klaenti, ajenti wa meli, mwenye lori na sisi wote tumo humo twapigana maneno tangu Jumatatu. Ananiambia soma ujibu kabla ya saa tano. Nkasema hii ndio nafasi ya kujaribu hiki kitu.

Mara ya kwanza nimeitupa vile vile ilivyokuja. Muhtasari umetoka fasta, umeandikwa vizuri, na namba ya kontena imekosewa! Na hapa nataka muelewe kwa nini, maana watu wengi husema tu "AI inadanganya" wakaachia hapo. Ile picha ilikuwa pikseli 1080 kwa upana na karibu 13,000 kwa urefu. Apu nyingi zikipokea picha kubwa zinaipunguza kwanza ndio ziisome, sasa tuseme imepunguza urefu ufike 1,500, upana nao unashuka pamoja, unabaki kama 125. Hebu fikiria mstari mzima wa imeli umebanwa ndani ya pikseli 125, hata wewe mwenye macho huwezi kutofautisha 3 na 8. Tatizo ni kwamba apu haikwambii sijaona, inakisia, na inakisia kwa ujasiri kabisa. Juu ya hapo WhatsApp yenyewe ilikuwa ishaikamua ile picha wakati bosi anaituma, kwa hivyo nlimwambia bosi anitumie tena kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida.

Nliijuaje namba imekosewa? Sisi watu wa bandari tuna bahati, namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki, inapatikana kwa hesabu ya zile zilizotangulia. Ukikosea moja mara nyingi hesabu inakataa. Nkaipiga, ikakataa. Lakini kiasi cha pesa hakina tarakimu ya kuhakiki jamani, kwa hivyo pesa na tarehe unarudi kwenye picha unaangalia kwa macho yako, hakuna njia ya mkato.

Dawa yake ni kukata. Nimeikata vipande sita, kila kipande kina imeli mbili tatu, na mwisho wa kipande kimoja unajirudia mistari kidogo mwanzo wa kinachofuata ili sentensi isikatike katikati. Nikavipa namba, nikaiambia ipi ndio imeli ya kwanza na ipi ndio mpya, maana isipojua hivyo inaweza kukusimulia ugomvi kinyume, mtu anaomba msamaha kabla hajakosa. Na kabla ya kupakia nimeziba akaunti za benki na PIN ya KRA ya klaenti kwa boksi jeusi, sio ile kalamu ya kupakia rangi kwa simu maana ile mara nyingi ukiongeza mwangaza maandishi yaonekana. Data ya watu hiyo, na sheria tunayo tangu 2019.

Sasa ngoma ndio hii hapa. Muhtasari hata mimi naweza kuandika, kinachonisaidia ni ile orodha ya mambo ambayo hayajaamuliwa, na hapo ndipo ilipoteleza vibaya zaidi. Iliniandikia kwamba klaenti amekubali kulipa storeji, yaani pesa za kontena kukaa bandarini. Narudi kwa imeli, klaenti ameandika "Nimeiona invoisi, ntaangalia." Basi! Ntaangalia ya mtu wa Mombasa mnaijua nyinyi, hiyo si ndio wala si la. Lau ningetuma jibu na hiyo "asante kwa kukubali kulipa" ningekuwa nimewasha moto.

Nimeiandikia hivi, simamisheni video mnakili:

```
Toa orodha ya maamuzi yaliyo wazi.
Kwa kila moja: nani anaamua, mwisho lini,
na nukuu neno kwa neno la mwisho alilosema
pamoja na tarehe na namba ya kipande.
Kama hakusema wazi, andika HAJAAMUA.
Kama hakusomeki, andika HAKUSOMEKI.
```

Ile nukuu ndio kila kitu. Ikishakunakilia maneno yenyewe unaweza kuyatafuta kwenye kipande husika, sekunde kumi, ukiyakosa basi imeyatunga. Mara hii ilinipa matatu: nani analipa storeji, HAJAAMUA. Lori lije kesho au lisubiri, mwenye lori ataka jibu. Na uzito kwenye bili ya meli, ile hati ya mzigo, urekebishwe au la, hapo ikaandika HAKUSOMEKI, na kweli, kulikuwa na vile vidoti vitatu vya Gmail vinavyoficha maneno ya nyuma, bosi hakuvifungua kabla ya kupiga skrinshoti. Kisichoonekana kwa picha hakiwezi kusomwa, na viambatisho pia ni hivyo hivyo, yenyewe inaona jina la faili tu.

Kitu kingine kilinichekesha. Klaenti kaandika lori ifike "saa nane", apu ikaweka saa 8:00 asubuhi! Sasa dereva angefika asubuhi akae jua kali hadi saa nane yetu ya mchana. Hata "kesho" ichunge, ni kesho ya siku ile imeli ilipoandikwa.

Jibu lenyewe? Lugha safi, heshima ipo, lakini linapenda kuahidi. Liliandika "tutahakikisha malipo yanafanyika leo", nani kakutuma? Nikaiambia pale ambapo uamuzi haujatoka iache mabano matupu, iulize swali moja tu kwa kila mtu. Likatoka fupi, mistari minane, nimelipunguza nikabakisha mitano.

Uamuzi wangu: kama imeli zenyewe unazo kwa Gmail, achana na skrinshoti, kwenye kompyuta fungua mazungumzo bonyeza "Print all" uhifadhi PDF, maandishi yatakuja yenyewe, sio picha. Skrinshoti ni kwa siku kama ile, bosi yuko feri Likoni na wewe huna imeli. Mimi kwa kukata, kuziba na kuhakiki nimetumia kama dakika 25, kusoma zote 17 na kuandika mwenyewe hunichukua zaidi ya saa, kwa hivyo nitaendelea nayo. Kwa imeli nne tano usijisumbue, soma tu.

Jibu nililituma saa nne na nusu. Klaenti kajibu kabla sijamaliza chai: "Storeji nusu yangu nusu yenu." Hilo sasa namwachia bosi.