Mzinga wa Yamato na ndege za meli: kipi kilifika mbali zaidi?

Manowari ya mizinga na manowari ya kubeba ndege hutofautiana kwanza kwa umbali wa pigo. Yamato ya Japani, iliyokuwa na mizinga tisa yenye mdomo wa sentimita 46, iliweza kurusha kombora kiasi cha kilomita 42, na kulenga shabaha inayosogea kwa umbali huo lilikuwa jambo la kubahatisha. Ndege za meli, kwa upande wake, zilipiga zaidi ya kilomita 300, huku rubani akiiona shabaha yake kwa macho.

Tarehe 7 Aprili 1945 Yamato ilikuwa njiani kwenda Okinawa bila ulinzi wa ndege za kivita. Mamia ya ndege za Marekani ziliijia kwa mawimbi, na topido nyingi, mabomu yanayosafiri majini, zikaelekezwa ubavu wa kushoto, ili maji yaingie upande mmoja na meli ilale. Baada ya saa mbili hivi ilipinduka na kulipuka. Wamarekani walipoteza ndege zipatazo kumi, na mizinga ile mikubwa haikupata kuziona meli zilizoishambulia.

Hata hivyo, meli ya ndege bila ndege angani ni dhaifu mno. Mnamo Juni 1940, karibu na Norwei, Glorious ya Uingereza haikuwa na ndege ya doria, ikakutwa na manowari mbili za Ujerumani na kuzamishwa kwa mizinga.