Paneli ipi ya sola ununue kwa betri ya volti 12 hapa Mwanza

Mvuvi mmoja wa dagaa wa Igombe aliniletea paneli aliyoinunua mjini ili nimfungie. "Kaka, hii ni wati 150. Itajaza betri zote tatu za taa kabla sijaingia ziwani," akaniambia. Niliigeuza nikasoma lebo ya nyuma: Pmax 150 W, Voc 22 V, Isc 6.1 A. Nikatoa simu, nikazidisha 22 kwa 6.1, ikaja 134. Nikamwonyesha. Paneli ambayo volti zake zote mara ampea zake zote hazifiki 135 haiwezi kutoa wati 150, hata jua liwe kali namna gani.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka uende nayo dukani. Voc ni volti za paneli isiyofungwa kitu chochote: volti zipo, umeme hautembei. Isc ni ampea pale waya mbili zikigusanishwa: umeme unatembea, volti ni sifuri. Hali zote mbili hazikupi wati hata moja. Ukichora ampea dhidi ya volti, mstari unaenda karibu tambarare, halafu unapiga kiwiko na kuporomoka hadi sifuri. Nguvu kubwa kabisa ipo pale kwenye kiwiko, na lebo inaitaja kwa Vmp na Imp. Kiwiko kikiwa na kona kali, paneli ni nzuri. Kikilegea na kuwa mteremko, nguvu imepotea. Ukali wa kona hiyo unapimwa hivi:

```
ujazo = Pmax / (Voc x Isc)
```

Paneli ya wati 100 yenye Voc 21.6, Isc 6.1, Vmp 18 na Imp 5.56 inakupa 0.76. Paneli za silikoni zilizo nzima hukaa kati ya 0.74 na 0.80, na zile za utando mwembamba mara nyingi huwa chini ya hapo. Lebo ikikupa 0.85 na kuendelea, mwachie muuzaji paneli yake.

Sasa joto. Namba za lebo zimepimwa seli zikiwa na nyuzi 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba. Juu ya bati letu, hewa ikiwa nyuzi 29 na jua la mchana limesimama, seli zinafika nyuzi 60 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi 25 inakula karibu asilimia 0.4 ya nguvu, kwa hiyo nyuzi 35 za ziada zinaondoka na wati 14, na wati 100 zako zinabaki 86. Ampea hazipungui; zinaongezeka kidogo sana. Kinachoshuka ni volti: Voc inatoka 21.6 hadi 19.3 hivi, na kiwiko kinasogea kutoka volti 18 hadi karibu 15.5.

Hapo ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Betri ya asidi inahitaji volti 14.4 hivi ili ijae. Paneli yenye Vmp 18 ikipata joto bado inafika. Yenye Vmp 15 inashuka hadi 13 kabla waya haujala sehemu yake, na betri hiyo haitajaa kamwe, ingawa asubuhi mita ilionyesha volti nzuri.

Mwanga wenyewe unafanya kinyume. Ukipungua nusu, ampea nazo zinapungua nusu, lakini Voc ya paneli ya seli 36 inashuka chini ya volti moja tu. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha volti 20 ndani ya duka lenye kivuli hajakuonyesha kitu. Toka nayo juani.

Nikipanga chaguo, nafasi ya kwanza naipa paneli mpya ya silikoni yenye seli 36, wati 100, Vmp 18 au zaidi kidogo, ujazo 0.74 na kuendelea, pamoja na kontrola ya kawaida ya PWM. Kontrola hiyo inaivuta paneli ifuate volti za betri, tuseme 13, kwa hiyo unapata wati 75 hivi. MPPT, ambayo inatafuta kiwiko yenyewe, ingekupa 82 kwenye joto lilelile. Kwa wati saba sioni sababu ya kulipa bei ya juu. Weka hiyo pesa kwenye waya mnene. Mono au poli, mimi sigombani. Ila ifunge juu ya fremu, iache nafasi ya kiganja kizima kati yake na bati ili upepo wa ziwa upite chini.

Ya pili ni paneli kubwa ya seli 60, wati 275 hivi, yenye Vmp 31, pamoja na MPPT. Ukihitaji zaidi ya wati 200 hii inapanda kuwa ya kwanza. Lakini usiifunge kwa PWM kwenye betri ya volti 12: ampea 9 mara volti 13 ni wati 120 hata hazifiki, zaidi ya nusu ya pesa yako imebaki juu ya paa.

Ya tatu ni paneli iliyotumika, na hapa naomba uwe makini kweli. Paneli yenye seli zilizopasuka au viungo vilivyoota kutu inaweza kukupa Voc safi na Isc safi, na bado kiwiko kimelala. Mita peke yake haitakwambia. Beba taa ya gari ya volti 12, wati 55. Kati ya saa sita na saa saba mchana, funika paneli kwa kitambaa, unganisha uzi mmoja wa taa, funua, na usome volti kwenye miguu ya taa kwa sekunde chache tu ili isiungue. Taa hiyo inavuta karibu ampea zilezile za kiwiko cha paneli ya wati 100. Paneli nzima iliyopata joto itashika volti 15 hivi, ampea 5.5, yaani wati 80 na kitu. Iliyochoka itaporomoka hadi 12 au chini yake, ikibaki na wati 58 au pungufu. Ukiona hivyo, rudisha.

Ya nne ni utando mwembamba. Inavumilia joto vizuri kuliko silikoni, lakini kwa wati zilezile inakula nafasi kubwa zaidi ya paa, na hapa mjini tunapojibana kati ya mawe nafasi hiyo hatuna.

Ya mwisho ni yoyote ambayo lebo yake haijibu hesabu.

Ile ya Igombe tuliitoa juani palepale. Isc ilisoma 6.0, na chini ya taa ya gari ikashika volti 15.2. Paneli ilikuwa nzima, wati 100 za kweli zilizobandikwa karatasi ya 150. Nimemfungia betri mbili, na ya tatu anaichaji kwa jirani hadi atakapopata paneli nyingine.