Helios 44-2 na simu: kuhamisha fokasi kutoka kikombe hadi uso

Helios 44-2 ni lenzi ya Kisovieti ya 58mm f/2, ya kufungwa kwa nyuzi za M42, kwa hiyo kamera ya leo huitaka adapta. Naitumia kwa kazi moja: kikombe cha mbele kinaanza kikiwa wazi, kisha jicho la mtazamaji linapelekwa kwa mnywaji aliye nyuma, kamera ikiwa imetulia.

Uzuri wake ni ringi inayosogeza vioo yenyewe. Kwenye lenzi nyingi za mota, ringi hutuma amri tu, na mara nyingi ukizungusha upesi fokasi inakwenda mbali kuliko ukizungusha taratibu. Alama ulizochora hazina kazi tena.

Kikombe nakiweka sentimita 80 kutoka kwenye kamera, mnywaji mita 2.5. Nazungushia ringi tepu ya karatasi, nakuza picha kwenye skrini, nalenga jicho lake na kuchora mstari wa penseli mkabala na alama isiyozunguka. Kisha nalenga ukingo wa kikombe, mstari wa pili. Kamera ikiwa na sensa ya fulufremu, kwa f/2.8 kina kilicho wazi ni kama sentimita 3 kwenye kikombe na 30 usoni. Kwa hiyo mnywaji akiinama mbele zaidi ya sentimita 15 hivi, macho yanafifia. Masikio yakiwa makali kuliko pua, ujue hapo ndipo ulipokosea. Mkao wa kiti nautia alama ya tepu sakafuni.

Naanza kuzungusha anapoinua macho, si akishainua, na nafika ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Ukichelewa, mtazamaji huona fokasi ikimfukuza mtu.

Kasoro yake: vioo vyote husogea pamoja, hivyo fokasi ikienda mbali fremu inapanuka kidogo. Kitu kilichobanwa pembeni huonekana kikisogea, kwa hiyo naacha nafasi kando.

Kwenye simu, lenzi kuu ni fupi mno, milimita chache tu, na karibu kila kitu hutoka wazi. Kikombe hicho hicho nakisogeza hadi sentimita 25, mtu anarudi mita 3, na fokasi naivuta kwa kitelezi cha mkono. Makro nazima, la sivyo simu hubadili lenzi katikati na picha inaruka.

Modi ya Cinematic, iliyoanza na iPhone 13 mwaka 2021, hutengeneza ukungu kwa hesabu, na sehemu ya fokasi unaweza kuibadilisha baadaye kwenye Edit. Ni raha kwelikweli, ila kagua nywele na mpini wa kikombe: hesabu ikikosea, ukungu hula ukingo. Kikombe kikiwa cha kioo sijaribu kabisa. Narudi kwenye Helios.